Kuingia si kubeba: tuusome ubavu wa tairi la pikipiki

Ijumaa moja, baada ya swala, tulisimama kwa fundi pancha mmoja katika mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga. Chini ya mwembe wake palikuwa na pikipiki ya cc 125 iliyovuliwa gurudumu la nyuma, na pembeni yake alikaa kijana wa miaka ishirini na ushei, kiwiko chake kimefungwa bandeji. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, kimya. Pikipiki ile ni yake yeye mama. Aliinunua kwa akiba ya miaka ya kuuza vitumbua na maandazi, akamkabidhi mwanawe aifanyie kazi, na jioni imrudishe dada yake mdogo kutoka chuoni.

Siku tatu kabla, katika barabara ya kwenda Pongwe, gurudumu la nyuma lilipoteza upepo ghafla. Kijana alikuwa amempakia dada yake. Pikipiki iliyumba, ikawalaza wote wawili ukingoni mwa lami. Alhamdulillahi, hapakuwa na gari nyuma yao, na waliamka na michubuko tu. Wote waliosimama pale walidhani ni msumari. Fundi alipolivua tairi hakukuta msumari wala mwiba. Alichokikuta ni tyubu iliyochanika pale valvu inapoungana na mpira, na ndani ya tairi unga mweusi mwingi, mithili ya mkaa uliosagwa.

“Tairi hili ulilipata wapi?” aliuliza fundi, mzee wa makamo aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Kijana akaeleza kwamba lile la zamani lilipoisha, alikwenda dukani akauliza tairi la rimu ya kumi na nane, akapewa hilo kwa kuwa lilikuwa na bei nafuu. “Lakini liliingia vizuri, mzee,” alisema. “Halikusumbua hata kidogo.”

Fundi akalipangusa vumbi ubavuni, akaweka kidole juu ya maandishi madogo, na akamjibu kwa upole: “Mwanangu, kuingia si kubeba.”

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Familia nyingi miongoni mwetu zinaishi kwa pikipiki: ama ndicho chombo cha riziki, ama ndicho kinachowapeleka watoto shule na wagonjwa hospitali. Tairi linaponunuliwa, swali linaloulizwa ni moja tu, yaani kama litaingia kwenye rimu. Ubavu wa tairi una majibu ya maswali matatu: ukubwa, uzito na upepo. Tuyafuate moja baada ya jingine, kwa tairi lilelile la kijana yule.

Swali la kwanza: ukubwa

Pikipiki ile ilitoka kiwandani na tairi la nyuma lenye maandishi haya:

```
3.00-18 6PR 52P TT
```

Namba ya kwanza, 3.00, ni upana wa tairi kwa inchi. Namba ya 18 iliyo baada ya kistari ni kipenyo cha rimu, nacho pia ni kwa inchi. Katika mtindo huu wa zamani urefu wa ubavu hautajwi. Huchukuliwa kuwa unakaribiana na upana wenyewe. Herufi TT maana yake ni kwamba tairi limetengenezwa litumike na tyubu. Lile lisilohitaji tyubu huandikwa TL, nalo hutaka rimu iliyoundwa kwa ajili yake. Rimu ya spoku za kawaida hupitisha upepo kwenye matundu ya spoku, kwa hiyo hata ukiivika tairi la TL, tyubu ni lazima.

Msomaji anaweza kukutana na mtindo mwingine, kama vile 90/90-18. Hapo 90 ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 90 ya upana, yaani milimita 81. Namba ya 18 inabaki kuwa inchi za rimu. Tairi la 90/90-18 na la 3.00-18 ni ndugu wa karibu kwa upana na kwa kimo, ndiyo maana mafundi hulitumia moja badala ya jingine.

Sasa, tairi lililoleta ajali lilikuwa limeandikwa hivi:

```
2.75-18 4PR 42P TT
```

Hapa ndipo mtego ulipo. Katika pikipiki nyingi za aina ile, 2.75-18 ni kipimo cha tairi la mbele. Rimu ya mbele na ya nyuma zote zina kipenyo cha inchi 18, kwa hiyo tairi la mbele huingia nyuma bila ubishi wowote. Fundi halazimiki hata kutumia nguvu. Macho ya kawaida hayaioni robo ya inchi iliyopungua, na pikipiki ikitembea bila abiria haionyeshi dosari yoyote. Lakini tairi la mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja. La nyuma ndilo linalobeba abiria na mzigo, na ndilo linalosukumwa na injini.

Kosa la kinyume chake lipo pia. Wako vijana wanaopenda tairi pana kuliko la kiwandani kwa ajili ya sura. Tairi likizidi upana, huweza kugusa kifuniko cha cheni au vyuma vinavyoshika gurudumu, na likivikwa kwenye rimu nyembamba hubanwa miguuni, likavimba katikati na kukaa vibaya kwenye kona. Kanuni nyepesi ni kurudi kwenye kipimo cha kiwandani. Kipimo hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye lebo iliyobandikwa kwenye kifuniko cha cheni au kwenye chuma cha nyuma kinachoshika gurudumu. Tusinakili kipimo cha tairi kuukuu lililomo, kwa sababu huenda nalo liliwekwa kimakosa.

Swali la pili: uzito

Tukirudi kwenye maandishi yetu mawili, tutaona kwamba baada ya ukubwa kuna 52P kwa tairi la kiwandani na 42P kwa lile la dukani. Hii ndiyo alama inayopuuzwa kuliko zote.

Herufi ni ya mwendo. P inamaanisha kwamba tairi limepimwa kwa mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, kasi ambayo pikipiki ya cc 125 haiifikii. Kwa hiyo herufi hapa haina tatizo.

Namba ndiyo yenye habari. Hiyo 52 si kilo 52. Ni namba ya daraja katika jedwali la kimataifa, na kila daraja lina kilo zake. Kwa matairi ya pikipiki zetu, yatosha kukumbuka madaraja machache. Daraja la 42 ni kilo 150. Daraja la 47 ni kilo 175. Daraja la 48 ni kilo 180. Daraja la 51 ni kilo 195, na daraja la 52 ni kilo 200. Hizo ndizo kilo ambazo tairi moja linaruhusiwa kubeba, wala si pikipiki nzima.

Alama ya 6PR au 4PR nayo inahusu nguvu ya mwili wa tairi. Zamani ilihesabu tabaka za nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira; siku hizi ni daraja la nguvu tu, na tairi la 6PR huenda halina tabaka sita. Tunachopaswa kujua ni kwamba 6PR ni imara kuliko 4PR, na kwamba matairi mawili yenye ukubwa uleule huweza kutofautiana hapa. Tairi la 3.00-18 huuzwa likiwa 4PR lenye daraja la 47, na huuzwa pia likiwa 6PR lenye daraja la 52. Ukimtajia muuzaji ukubwa peke yake, anaweza kukupa lolote kati ya hayo mawili, na hatakuwa amekudanganya.

Basi tuihesabu safari ya Pongwe. Pikipiki ile, ikiwa na mafuta, ina uzito wa kilo 120 hivi. Zaidi kidogo ya nusu yake hukaa nyuma. Tuseme kilo 66. Kijana ana kilo 65, naye amekaa katikati, kwa hiyo theluthi mbili ya uzito wake huelemea nyuma, yaani kilo 43. Dada yake ana kilo 65 pia, na kwa kuwa abiria hukaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, uzito wake wote tunauhesabu huko. Jumla ni 66, na 43, na 65, ambazo ni kilo 174.

Tairi la daraja la 52 lina mpaka wa kilo 200. Lingewabeba ndugu wale wawili na kubakiwa na nafasi ya kilo 26. Tairi la daraja la 42 lina mpaka wa kilo 150. Lilikuwa limezidishiwa kilo 24 kila safari, hata pasipo mfuko wa unga.

Hesabu hii inatufundisha pia kwamba tairi sahihi nalo lina kikomo. Mfuko wa unga wa kilo 25 ukifungwa kwenye keria, zile kilo 26 za akiba zimekwisha. Akiongezwa abiria wa pili, ule upakiaji tuuitao mishikaki, mpaka umevukwa kwa mbali, mbali na kuwa ni kuvunja sheria ya barabarani.

Hesabu yetu ni ya makadirio. Anayetaka uhakika anaweza kutumia mizani ya bapa, kama ile ya kupimia magunia ya mazao. Gurudumu la nyuma huwekwa juu ya mizani, la mbele huinuliwa kwa ubao hadi usawa uleule, dereva na abiria wakapanda kama wanavyosafiri huku mtu akiishikilia pikipiki isianguke bila kuinyanyua. Mizani itasoma kilo ambazo tairi la nyuma linabeba.

Swali la tatu: upepo

Mama wa kijana ndiye aliyeuliza swali lililokuwa moyoni mwetu. “Sasa fundi, kama lilizidiwa, mbona halikupasuka? Mbona iliyochanika ni tyubu?”

Fundi akaichukua tyubu na kumwonyesha valvu. Alimweleza kwamba tairi lililozidiwa, au lenye upepo mdogo, hubonyea kila linapogusa barabara na kunyooka tena linapoinuka. Jambo hilo hutokea mara kadhaa kwa kila sekunde. Kubonyea huko huzaa joto, na joto huuchosha mpira. Ubavu wa ndani husuguana na tyubu, ndipo unapotoka ule unga mweusi. Isitoshe, tairi lililolegea haliishiki rimu sawasawa. Kila dereva anapoongeza mafuta au kushika breki, tairi huteleza kidogo juu ya rimu na kuivuta tyubu pamoja nalo. Lakini valvu imefungwa kwenye tundu la rimu. Yenyewe haiwezi kwenda. Mwisho wake huchanika shinani, na upepo wote hutoka kwa mara moja.

Dalili yake huonekana mapema. Valvu yenye afya husimama wima, ikielekea katikati ya gurudumu. Ukiiona imelala upande mmoja, tairi limeanza kuteleza. Pikipiki isitembee hadi tyubu irudishwe mahali pake na upepo upimwe.

Upepo huo ni kiasi gani? Ubavuni mwa tairi la kiwandani palikuwa na mstari mwingine:

```
MAX LOAD 200 KG (441 LBS) AT 280 KPA (41 PSI) COLD
```

Mstari huu wasemao ni mambo mawili kwa pamoja. Kilo 200 ndiyo mzigo wa juu kabisa, na tairi huufikia likiwa na upepo wa PSI 41, ambao ni sawa na kPa 280, uliopimwa tairi likiwa baridi. Ukilijaza nusu ya upepo huo, halina tena uwezo wa kilo 200. Tairi lenyewe ni mfuko tu. Kinachobeba mzigo ni upepo uliomo ndani yake.

Hata hivyo, wengi huisoma namba hiyo ya 41 kama amri, wakajaza hivyo kila siku. Hiyo ni dari, si kiwango cha kila siku. Kiwango cha kila siku kimo kwenye lebo ya pikipiki, kwa kuwa aliyeitengeneza pikipiki ndiye anayejua uzito wake. Kwenye lebo ya pikipiki ile tulisoma PSI 25 mbele. Nyuma PSI 28 dereva akiwa peke yake, na PSI 33 akiwa na abiria. Pikipiki nyingine zina namba zake, na msomaji asome lebo yake mwenyewe. Kwa dereva wa bodaboda, ambaye kiti cha nyuma hakikai kitupu, kiwango cha abiria ndicho cha kuanzia asubuhi. Mzigo ukikaribia mpaka wa lebo, upepo usiwe pungufu ya hapo, na kwa hali yoyote usivuke namba ya ubavuni.

Meno ya tairi yatatuambia kama tumepatia. Likiisha katikati huku pembe zikiwa nzima, upepo umekuwa mwingi mno. Likiisha pembeni huku katikati kukiwa na meno, upepo umekuwa mdogo. Mikunjo midogo inayouzunguka ubavu kama mishipa ni ishara ya tairi lililobebeshwa kupita uwezo wake, na tairi la namna hiyo halifufuki kwa kuongezwa upepo.

Neno COLD mwishoni mwa mstari ule lina uzito wake. Tairi lililotoka safari hupata joto, na upepo wake hupanda PSI kadhaa. Anayepima mchana baada ya kazi na kuona 36, akaamua kuupunguza hadi 33, kesho asubuhi atakuta umeshuka chini ya kiwango. Tupime asubuhi kabla ya safari, au pikipiki ikiwa imepumzika saa tatu hivi. Na tupime kwa geji. Kubonyeza kwa kidole gumba au kupiga teke hakuwezi kutofautisha PSI 18 na 28, kwa sababu ubavu wa tairi la 6PR ni mgumu hata ukiwa na upepo haba. Fundi alitueleza kwamba tairi la kijana yule lilikuwa likijazwa kwa kubonyezwa kidole tangu siku liliponunuliwa.

Kabla ya kulipa

Kabla hatujaondoka, kijana alikwenda dukani na kurudi na tairi jipya, na safari hii fundi alimwachia alisome mwenyewe kwa sauti. Alianza na ukubwa: 3.00-18, sawa na lebo ya pikipiki. Akafuata daraja: 52P, kilo 200. Akatafuta TT, akaiona. Akalizungusha hadi akaona tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Fundi akamfafanulia kuwa mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani kwa miaka mingi juani huwa mpira wake umekakamaa na kuanza nyufa ndogondogo, hata kama meno yake hayajagusa barabara. Mwisho akautazama mshale ubavuni, unaoonyesha upande ambao gurudumu linapaswa kuzungukia, ili lisivikwe kinyume.

Tyubu nayo ilinunuliwa mpya, yenye kipimo cha tairi lenyewe, kwa kuwa ile ya 2.75 ingelazimika kujinyoosha kuijaza nafasi ya 3.00, na mpira uliovutwa huwa mwembamba.

Gurudumu liliporudishwa, fundi alijaza upepo na kumkabidhi kijana geji asome. Ilisema 33. Mama akauliza namba hiyo iandikwe mahali, asije akaisahau. Kijana akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika ndani ya kifuniko cha pembeni cha pikipiki: mbele 25, nyuma 28, na abiria 33, na chini yake, 3.00-18, 52P. Kisha akamsaidia mama yake kupanda, akakaa vizuri, na wakaondoka taratibu kuelekea Chumbageni.